Kumuaga mwenzenu wa kigeni Kisumu: anzeni na sanduku lake

Mfanyakazi mwenzetu wa kutoka ng'ambo anapomaliza mkataba, ofisi nyingi huku kwetu huanza kwa kuagiza keki. Baadaye hutafutwa ukumbi, na zawadi hukumbukwa siku mbili kabla ya sherehe. Mgeni hukabidhiwa twiga wa jiwe kimo cha mtoto wa nasari, hupiga naye picha, hushukuru sana, na usiku wa kuamkia safari hubisha mlango wa jirani amwachie. Mwongozo huu unapita njia nyingine: jua kwanza anachoweza kubeba na saa anayoondoka, kisha mengine yote yapangwe kufuata hayo.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Ofisi ni ya watu kumi na tisa ukiacha anayeondoka, iko Kisumu, na inashughulika na maji. Anayeondoka ni mhandisi Mjerumani ambaye ofisini wamemzoea kwa jina Akinyi. Ndege yake inaondoka Nairobi Jumapili usiku.

Hatua ya kwanza: muulize kuhusu tiketi

Usione haya kumuuliza. Wiki nne kabla ya safari, mtu mmoja aliye karibu naye amuulize mambo matatu: anatua nchi gani kwanza, ameruhusiwa mizigo kiasi gani, na kama safari ya Kisumu hadi Nairobi iko kwenye tiketi hiyohiyo ya ng'ambo.

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo linaloamua. Tiketi ikiwa moja kuanzia Kisumu hadi Ujerumani, kwa kawaida uzito wa safari ndefu ndio unaotumika tangu mwanzo. Tiketi zikiwa mbili, shirika la ndani litamhesabia kwa kipimo chake, na tiketi za bei nafuu za ndani huruhusu kilo chache sana, nyingine mkoba wa mkononi peke yake. Basi kila kilo mnayomwongezea ataanza kuilipia pale Kisumu. Muulize pia ndege hiyo ya ndani inatua wapi. Ziendazo Wilson humwacha upande mwingine wa jiji, na atalazimika kutafuta gari la kumfikisha uwanja wa Jomo Kenyatta na masanduku yake yote.

Akinyi ana tiketi moja yenye masanduku mawili ya kilo 23, yaani kilo 46. Vitu vyake mwenyewe, kwa makadirio yake, ni kama kilo 41. Zimebaki kilo tano. Msizimalize zote, kwa maana mlinzi wa nyumbani kwake, mama mboga na watu wa kanisani nao watamletea chochote. Zawadi ya ofisi isizidi kilo mbili na nusu. Namba hiyo iandikeni mahali, kwani mtairudia.

Hatua ya pili: chagueni Alhamisi

Watu wengi hukimbilia Ijumaa jioni au Jumamosi. Kwa upande huu wa nchi, hizo ndizo siku mbaya zaidi. Ijumaa miili inatolewa mochari na Jumamosi watu wanazika, kwa hiyo nusu ya ofisi iko barabarani kwenda Siaya, Homa Bay au Vihiga. Wasabato nao ni wengi, hasa wenzetu wa kutoka Kisii na Nyamira, na Sabato yao huanza jua likitua siku ya Ijumaa, ambalo hapa Kisumu hutua kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja hivi. Ukiweka sherehe saa kumi na moja Ijumaa, wataondoka kabla ya kula. Ukiweka mchana wa Ijumaa, Waislamu wako msikitini.

Alhamisi haina mgogoro na mtu. Anzeni saa nane mchana, mmalize kabla ya saa kumi na mbili. Na mtafute mahali penye paa. Upepo wa ziwani unapokutana na joto la mchana, mvua ya Kisumu hushuka alasiri bila kupiga hodi, na turubai la kukodi halizuii ile inayopigwa na upepo kutoka pembeni.

Alhamisi ina faida nyingine: inamwachia Akinyi Ijumaa na Jumamosi za kufunga mizigo. Kumuaga mtu usiku wa kuamkia safari ni kumtesa. Atakaa hapo akitabasamu huku moyo uko kwenye friji ambayo haijapata mnunuzi.

Hatua ya tatu: mchango

Mteueni mweka hazina mmoja, na asiwe bosi. Fungueni kundi la WhatsApp lisilo na mhusika, na kabla ya kuandika chochote kila mtu ahakikishe yumo kundi hilo wala si lile la ofisi nzima.

Kiwango kisiwe kimoja kwa wote. Katika mfano wetu, watu kumi na wanne wanatoa shilingi 1,500 kila mmoja, na watano, yaani dereva, walinzi wawili, mfagiaji na mama wa chai, wanatoa 300. Jumla ni 22,500. Ziko ofisi zinazowaacha hao watano nje kabisa, ati wasisumbuliwe. Mimi naona ni kosa. Dereva ndiye aliyekaa na Akinyi saa nyingi kuliko yeyote, barabara ya Ahero na ya Bondo, na atataka jina lake liwemo. Muhimu ni kwamba orodha ya nani katoa ngapi ibaki kwa mweka hazina. Ikibandikwa kwenye kundi, wa 300 wataona haya na wa 1,500 watajigamba.

Pesa zikae M-Pesa hadi zitumike, na malipo yafanywe kwa namba ya till ya hoteli au ya duka. Mkizitoa kwa wakala mtalipia kutoa, kisha mtahangaika na risiti. Mgawanyo wetu ni huu: chakula cha watu ishirini kwa 750 ni 15,000, zawadi ya jiwe 3,500, leso doti moja 1,200. Jumla 19,700. Zinazobaki, 2,800, ni za pakiti ya majani ya chai, soda, maji na lile jambo ambalo hamkulifikiria.

Hatua ya nne: zawadi

Hapa ndipo penye kazi. Anzeni kwa kuondoa visivyowezekana.

Ujerumani imo katika Umoja wa Ulaya, na abiria anayetoka Kenya haruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa kwenye mizigo yake. Hapo nyama iliyokaushwa imetoka, samli ya kienyeji imetoka, na mursik imetoka hata ikiwa imefungwa kwenye kibuyu kizuri namna gani. Kama kuna mwenzenu wa Nandi au Kericho anayetaka kuileta, ailete inywewe mezani siku ya sherehe. Kibuyu chenyewe, kikioshwa kikakauka kabisa, anaweza kwenda nacho kitupu.

Samaki wanaruhusiwa, hadi kilo ishirini, wakiwemo waliokaushwa. Ndiyo, maana yake omena wanaingia Ulaya kihalali. Lakini fikirieni sanduku lenye nguo za mtu na omena kwa muda wa siku nzima, kisha muamue wenyewe. Asali inaruhusiwa hadi kilo mbili. Ikiwemo, iende kwenye sanduku kubwa, kwa sababu kwenye mkoba wa mkononi huhesabiwa kama kimiminika na chupa ikizidi mililita 100 itabaki kwa askari wa uwanja. Majani ya chai ya Kericho au Nandi, yakiwa kwenye pakiti ya dukani, hayana shida, na ni mepesi.

Mbegu ndizo mtego. Akinyi amezipenda mboga za managu na saget, na lazima atatokea mtu wa kumfungia mbegu kwenye karatasi akazipande kwao. Mbegu za kupanda zinahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho hapa hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea. Bila cheti, zitachukuliwa. Hali ni hiyohiyo kwa embe na parachichi. Ndizi na nanasi ni miongoni mwa matunda machache yaliyosamehewa cheti hicho.

Kisha kuna vitu vya wanyamapori. Kofia ya kimila yenye manyoya ya mbuni au meno ya kiboko, usinga wa mkia wa nyumbu au wa punda milia, gamba la kobe: hivi vyote ni nyara kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na kuvitoa nchini bila kibali cha shirika la wanyamapori, KWS, ni kosa la jinai. Muuzaji atakwambia usinga ni wa ng'ombe. Pengine ni kweli. Lakini atakayesimamishwa uwanja wa ndege ni Akinyi, na muuzaji hatakuwepo. Achaneni nao.

Magugumaji yanaleta swali zuri. Pale Dunga wanayafuma, na mafunjo pia, kuwa vikapu na mikeka. Mmea huo umo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya mimea vamizi, na ukiwa hai hauruhusiwi kuingia. Kinachokatazwa ni mmea ulio hai au sehemu inayoweza kuota. Ubua uliokaushwa na kufumwa si hivyo tena. Hakikisheni tu kwamba kikapu ni kikavu kabisa, hakina mizizi wala mbegu zilizonasa, na hakina matundu madogo yenye unga, ambayo ni dalili ya wadudu. Kikapu ni chepesi, tatizo lake ni nafasi. Chagueni kinachoweza kubanwa kikalala bapa.

Ofisi yetu ya mfano imechagua jiwe la Kisii na leso, pamoja na pakiti ya chai, na mimi ningechagua hivyohivyo.

Jiwe linatoka Tabaka, Kisii, ambako linachimbwa na kuchongwa kwa mkono, likasuguliwa kwa msasa na maji, kisha likapakwa nta. Ni laini kiasi kwamba ukucha unaweza kulikwaruza, lakini si jepesi: kipande cha ujazo wa lita moja kina uzito wa karibu kilo mbili na robo tatu. Ndiyo maana twiga hafai. Bakuli la upana wa kiganja na vidole, lenye kuta nyembamba, lina kilo moja na ushei, na linaweza kukaa mezani kwake likabeba funguo kila siku. Sanamu ndefu yenye shingo au mikono iliyotokeza itavunjika pale pale penye wembamba, hata mkiifunga vipi.

Kabla ya kulipa, fanyeni majaribio matatu. Ligonge taratibu kwa kifundo cha kidole: jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyozibwa. Limwagie maji kidogo: nta huficha ufa, lakini maji yanapokauka, mstari wa ufa hubaki umelowa kwa muda kuliko sehemu nyingine. Halafu pangusa sehemu yenye rangi kwa kitambaa chenye maji. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye shati lake jeupe. Mwisho, lipimeni. Mzani wa muuza samaki unatosha.

Mkinunua moja kwa moja kwa mchongaji, ombeni maandishi chini ya kitako, mahali pasipoonekana: jina la ofisi, Kisumu, na mwaka. Mpeni wiki mbili, na maneno muyaandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, msimtajie kwa simu. Ombeni risiti inayosema ni kazi ya sanaa mpya. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inazuia kutoa vitu vya kale bila kibali, na risiti humaliza mjadala kabla haujaanza. Inasaidia pia kule anakokwenda: abiria wa ndege anaingia Ujerumani na bidhaa za hadi yuro 430 bila ushuru, na zawadi yenu iko chini mno ya hapo.

Leso ni rahisi kununua na rahisi kuharibu. Usichague kwa rangi ukasahau maandishi. Nyingi zina vijembe vya wake wenza na majirani, na mtu akiitundika ukutani kwake, ipo siku atapita Mswahili aisome kwa sauti. Tafuteni yenye neno la wema au la safari. Doti ina vipande viwili: kimoja avikwe siku ya sherehe, cha pili kifungie jiwe. Hapo mmepata zawadi na kifungashio kwa pamoja, wala hamtatafuta mfuko wa plastiki, ambao umepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

Bakuli kilo moja na robo, leso gramu mia tano hivi, chai nusu kilo. Jumla kilo mbili na robo. Mmebaki ndani ya mpaka wenu.

Hatua ya tano: chakula

Agizeni ngege, yaani tilapia, samaki mzima wa kutosha sahani ya mtu mmoja. Msiagize kamongo wala mumi kwa ajili ya wote, hata kama mgeni anawapenda: samaki hawa hawana magamba ya kuonekana, na Wasabato hawawali. Kuku awe wa kuchinjwa halali ili pasiwe na meza mbili. Ugali wa mahindi na ule wa mtama, mboga za kienyeji, basi.

Piga simu hotelini siku iliyotangulia uthibitishe idadi, na uulize samaki wao ni wa ziwani au wa barafu. Bei ikilingana, mnastahili kujua mnalipia yupi. Samaki mbichi ana jicho angavu lililojaa na tamvua nyekundu. Ukiwakuta tayari wamekaangwa saa tano kwa ajili ya saa nane, kataa, kwa sababu watarudishwa kwenye mafuta mara ya pili na kuja mezani kama mbao.

Hatua ya sita: hotuba na kukabidhi

Wasemaji watatu, dakika tano kila mmoja, na mshereheshaji mwenye ujasiri wa kusimama karibu na anayezidisha. Aanze mtu wa chini, dereva au fundi aliyekuwa naye nyanjani, afuate mwenzake wa kitengo, amalizie mkubwa wa ofisi. Mkubwa akianza, wanaofuata hubaki kumsifu yeye.

Mwambie kila msemaji alete tukio moja, si wasifu. "Siku bomba lilipopasuka usiku, dada Akinyi alikuja na gumbuti mbili, moja yangu" ni hotuba tosha. Usiruhusu utani wa jinsi Akinyi anavyoongea Kiswahili isipokuwa unajua kwa hakika kwamba anaufurahia.

Kuna mawili ya kukubaliana naye mapema, kwa faragha. La kwanza ni maombi ya kufungua, kama yatamkera. Wengi hawajali, lakini waulizwe. La pili ni zawadi kufunguliwa. Kwetu mtu hupokea kwa mikono miwili na kwenda kufungua nyumbani. Kwao, kuiweka kando bila kuifungua kunaweza kuonekana kama kutojali. Akiijua desturi yetu, hatajikaza bure, nanyi mkijua ya kwao, hamtashangaa akiifungua hapohapo. Kwa zawadi hii ningemwomba afungue, maana wachangaji wote kumi na tisa wanataka kuliona bakuli.

Mshereheshaji atafsiri maandishi ya leso kabla haijavikwa. Kisha mama wa chai amvike, si meneja. Mwisho wa yote Akinyi azungumze, na baada yake asisimame mtu mwingine na mambo ya "nyongeza kidogo tu".

Hatua ya saba: kufunga na kusindikiza

Jumamosi mtu mmoja apite kwake na mzani wa kuning'iniza. Bakuli lijazwe soksi, lizungushiwe leso, likae katikati ya sanduku, nguo zikilizunguka pande zote, mbali na kona. Lisiende kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa jiwe zito linaweza kuzuiwa kwenye ukaguzi. Sanduku likisoma kilo 22 na nusu, liacheni hapo. Mzani wa nyumbani na wa uwanja haviafikiani kila mara.

Siku ya safari gari moja linatosha. Wasiosafiri hawaingii ndani ya jengo la uwanja wa Kisumu, kwa hiyo msafara wa magari manne utaishia kuagana kwenye maegesho juani. Aende dereva, na pengine mmoja zaidi. Wasiondoke mpaka awatumie ujumbe kwamba masanduku yamepokelewa: likizidi uzito na kitu kikapunguzwa, lazima awepo mtu nje wa kukipokea na kujua ni cha nani.

Mweka hazina atume hesabu kwenye kundi Jumatatu, kilichotumika na kilichobaki. Kikibaki chochote, kilipie chai ya ofisi wiki hiyo, kisha kundi lifutwe.